Simu imeporwa Dar es Salaam: namna ya kufunga laini, kuokoa pesa na kurudisha majina

Mtu aliyeporwa simu jijini Dar es Salaam huwaza kwanza kifaa chenyewe: bei aliyokinunulia na sura ya kijana aliyekipitia dirishani kwenye daladala. Mwizi naye akishakimbia hatua mia mbili huanza kuwaza laini iliyomo ndani, kwa sababu kifaa atakiuza mara moja tu, ilhali laini inaweza kumfungulia pochi ya pesa, akaunti ya benki, barua pepe na imani ya watu wote wanaoijua namba hiyo. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata laini kwanza, kisha pesa, kisha majina, na kifaa kinakuja mwisho.

Nitaueleza kwa kisa cha binamu yangu anayeuza vitenge Kariakoo. Alikwapuliwa simu kituo cha Mbagala Rangi Tatu siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni, wakati anamjibu mteja kwenye WhatsApp. Simu ilikuwa na laini mbili. Ya kwanza imesajiliwa kwa jina lake, na pochi yake ilikuwa na shilingi 412,000 za biashara. Ya pili, ya zamani, ndiyo iliyobeba WhatsApp ya wateja, na ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake anayeishi Tanga, kwa sababu wakati wa usajili wa alama za vidole yeye alikuwa bado hajapata namba ya NIDA. Tofauti hiyo ya majina ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kilichofuata. Zaidi ya hayo, simu iliporwa ikiwa wazi, haijajifunga, na hilo humpa mwizi nafasi ya kusoma ujumbe na picha bila kuvunja kufuli lolote.

Saa ya kwanza: kufunga laini na pochi

Namba ya huduma kwa wateja ya kampuni zote za simu Tanzania ni 100, lakini namba hiyo humpeleka mpigaji kwenye kampuni ya laini anayoitumia wakati huo. Ukiazima simu ya mtu wa mtandao mwingine na kupiga 100, utahudumiwa na kampuni isiyoweza kuigusa laini yako. Azima simu ya mtu aliye kwenye mtandao wako, au mwombe wakala aliye karibu akupigie. Binamu yangu alipoteza dakika kumi kwa kosa hili, akielezwa kwa upole, "Dada, namba hiyo si ya kwetu."

Mhudumu akipokea, mwambie moja kwa moja kwamba simu imeibiwa na unataka laini ifungwe pamoja na pochi yake ya pesa. Vitaje vyote viwili, kwa sababu kufunga laini na kusimamisha pochi ni mambo mawili, na mhudumu mwenye haraka anaweza kufanya moja akadhani amemaliza. Atakuuliza majina kamili kama yalivyosajiliwa, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Anaweza pia kuuliza namba unazozipigia mara kwa mara, kiasi cha salio kwa kukadiria, au muamala wa mwisho uliofanya. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa kuwa namba yao ya NIDA ilikuwa kwenye picha iliyo ndani ya simu iliyoibiwa. Iandike namba hiyo kwenye karatasi nyumbani leo, au mpe ndugu unayemwamini. Kabla ya kukata simu, omba namba ya kumbukumbu ya ombi lako na uandike saa uliyopiga, kwa maana ukija kudai baadaye kwamba pesa zimeondoka baada ya taarifa, saa hiyo ndiyo ushahidi wako.

Laini ya kwanza ya binamu yangu ilifungwa ndani ya dakika ishirini na tano tangu kuporwa, na zile 412,000 zilibaki salama. Laini ya pili haikufungwa usiku ule. Yeye hakuwa mmiliki kwa mujibu wa usajili, hakuijua namba ya NIDA ya kaka yake, na kaka mwenyewe hakupokea simu hadi saa nne usiku. Ikiwa laini yako ina jina la mtu mwingine, mtu wa kwanza wa kumpigia ni huyo mwenye jina, ili yeye ndiye aombe ifungwe. Kuibembeleza kampuni hakusaidii, na kwa kweli mhudumu anayekataa hapo anafanya kazi yake vizuri, kwa sababu mlango huohuo ungetumiwa na tapeli kuifunga au kuihamisha laini yako.

Huenda ukajiuliza ni kwa nini kuharakishana hivi wakati pochi ina namba ya siri. Ni kweli kwamba pesa hazikai ndani ya simu wala ndani ya laini; zimo kwenye akaunti iliyo kwenye mitambo ya kampuni, na bila namba ya siri hazitoki. Lakini namba za siri za watu wengi ni mwaka wa kuzaliwa. Binamu yangu alikuwa na picha ya kitambulisho chake cha Taifa kwenye picha za simu, na mwaka wake wa kuzaliwa ndio ulikuwa ufunguo wa pochi ya laini ya pili. Shilingi 36,000 zilizokuwamo ziliondoka kabla ya saa tatu usiku. Mwizi mwenye namba ya siri anaweza pia kukopa kwa jina lako kupitia huduma za mikopo zilizomo kwenye pochi, na deni hilo hubaki kwenye namba yako.

Usiku uleule: watu wako, benki na barua pepe

Baada ya laini, wape taarifa watu. Tanzania nzima inaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini ukitoka kwenye namba ya mtu unayemfahamu, ukiwa na jina lake na picha yake, hata mtu makini huuamini. Tumia simu ya ndugu kuandika kwenye makundi ya familia na ya kazi kwamba simu imeibiwa na mtu asitume chochote. Binamu yangu aliwaambia ndugu akawasahau wateja, na mteja mmoja alituma shilingi 80,000 akiamini anatanguliza malipo ya vitenge vya harusi. Aliyetumiwa ujumbe wa namna hiyo anaweza kuupeleka kwenda namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa ajili ya kupokea taarifa za utapeli.

Piga simu benki pia, ikiwa una programu yake kwenye simu, uombe huduma ya simu isimamishwe.

Kisha ingia kwenye akaunti ya simu yenyewe. Kwa simu za Android anwani ni google.com/android/find, na kwa iPhone ni icloud.com/find. Ukifaulu kuingia, chagua kuifunga simu kwanza, na usiharakishe kuifuta, kwa kuwa simu ya Android iliyofutwa haionekani tena kwenye ramani. Mwenye iPhone asiiondoe kamwe kwenye akaunti yake, hata akikata tamaa, maana kufuli la akaunti ndilo linalomzuia mnunuzi wa pili kuitumia. Na ukipokea siku chache baadaye ujumbe wenye kiungo unaosema simu yako imeonekana, uingize nenosiri kuona ilipo, jua ni mwizi mwenyewe anayeutaka ufunguo wa kufuli hilo.

Wenye Android hukutana na kikwazo kimoja ambacho ni vizuri kukijua mapema. Ukiingia kwa mara ya kwanza kwenye simu ya kuazima, Google inaweza kutaka uthibitishe kupitia simu yako ya kawaida, yaani ileile iliyo mikononi mwa mwizi, au ikatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe kwenye laini uliyokwisha kuifunga. Binamu yangu aliishia hapo usiku ule. Usijaribu mara ishirini, kwa sababu akaunti inaweza kukuzuia kwa muda. Acha hadi laini irudi. Je, basi ilikuwa makosa kuifunga laini? Hapana. Kama namba ya uthibitisho ingefika kwenye ile laini, mwizi ndiye angeisoma.

Asubuhi: polisi, kisha duka la kampuni

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na mahali pa tukio au na unapoishi, utoe taarifa ya wizi na upewe RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo. Taarifa ya upotevu inayopatikana kwenye mtandao wa Jeshi la Polisi inahusu mali iliyopotea. Wizi na uporaji hupelekwa kituoni, na tofauti hiyo ina maana, kwa kuwa upelelezi hufunguliwa juu ya kosa la jinai na haufunguliwi juu ya kitu kilichodondoka. Beba boksi la simu au risiti, kwa sababu juu yake kuna IMEI, namba ya kifaa yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, na zote ziandikwe. Kama boksi limetupwa, akaunti ya Google ikifunguka huweza kuonyesha IMEI kwenye maelezo ya kifaa.

Ukiwa na kitambulisho na RB, nenda kwenye duka rasmi la kampuni yako ya simu kurudisha laini. RB haidaiwi kila mahali kwa ajili ya laini, lakini kuwa nayo hufupisha maelezo. Mhudumu ataingiza namba ya NIDA, utaweka kidole kwenye mashine, na alama ikilingana na iliyoko NIDA atakupa kadi mpya yenye namba yako ya zamani. Kinachobadilika ni kadi tu: namba, salio na pochi hubaki vilevile, na kadi iliyo kwa mwizi hufa papo hapo.

Napendelea duka kuliko vijana wa mwavuli barabarani, ingawa foleni ya duka ni ndefu. Wengi wa vijana hao ni waaminifu, lakini ipo hila ya kukuambia kidole hakijasoma, urudie mara ya pili na ya tatu, na kila kidole kikawa kimesajili laini nyingine kwa jina lako, ambayo itauzwa kwa tapeli. Popote utakapoirudishia laini, ukitoka hapo piga *106# na ufuate maelekezo ili kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, rudi dukani siku hiyohiyo kuikana.

Kidole kinaweza pia kukataa kweli, hasa kwa mafundi, wakulima na wazee ambao alama zao zimesagika. Osha mikono, kausha, jaribu kidole kingine. Ikishindikana kabisa, eleza dukani na uulize utaratibu wao kwa watu wenye tatizo hilo. Usikubali kamwe mtu mwingine akuwekee kidole chake "kwa muda", kwa maana ndipo linapoanzia tatizo kama la laini ya Tanga.

Laini ya kwanza ya binamu yangu ilirudi kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Ya pili ilibidi imsubiri kaka yake, aliyepanda basi Jumamosi alfajiri, kwa kuwa kidole hakitumwi kwa simu.

Kufungua pochi na kufuatilia pesa

Pochi haifunguki yenyewe kwa sababu laini imerudi. Ukiwa bado dukani, omba iondolewe kwenye zuio na uweke namba mpya ya siri mbele ya mhudumu, isiyohusiana na mwaka wako wala tarakimu za namba yako. Kisha fungua menyu ya kampuni yako, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, uangalie salio na pia sehemu ya mikopo, ujue kama umekopewa. Baadhi ya benki husitisha huduma ya simu zinapotambua kadi imebadilishwa, na hapo utalazimika kufika tawini na kitambulisho. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu unaokulinda.

Kama pesa zimeondoka, omba taarifa ya miamala ya kuanzia siku moja kabla ya wizi. Soma mistari mitatu: saa ya muamala, kiasi, na aliyepokea. Sasa linganisha saa hiyo na saa uliyoiandika ulipopiga 100. Muamala uliofanyika baada ya kampuni kukubali kusimamisha pochi ni dai lenye nguvu, kwa sababu kosa ni lao. Muamala uliofanyika kabla, kwa namba sahihi ya siri, ni mgumu kurudishiwa. Mitambo huuona kama wa mwenyewe, na kampuni itaweza tu kuizuia pochi ya mpokeaji iwapo pesa bado zimo. Wezi hulijua hilo, ndiyo maana hutoa kwa wakala ndani ya dakika chache.

Zile 36,000 za laini ya pili zilikuwa za aina ya pili, zimetolewa kabla ya taarifa yoyote, na hazikurudi. Kuhusu 80,000 za mteja, binamu yangu alitaka kulalamika kwa niaba yake akaambiwa haiwezekani: mlalamikaji ni aliyetuma, kutoka kwenye laini yake, akiwa na namba ya muamala. Mteja alipopiga simu Jumamosi, pesa zilikuwa zimekwisha kutolewa. Angepiga dakika kumi baada ya kutuma, labda zingekutwa. Kilichobaki kilikuwa kupeleka taarifa ya miamala polisi iambatane na RB, kwa sababu pochi iliyopokea imesajiliwa kwa kidole cha mtu fulani, na polisi wanaweza kuomba jina hilo rasmi. Wewe huwezi kupewa.

Ukiona kampuni haijibu dai lako, liandike kwa barua, ukitaja namba ya kumbukumbu, saa na kiasi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Baada ya hapo malalamiko ya laini hupelekwa TCRA, na ya pesa hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, inayozisimamia huduma hizi chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015.

Kurudisha majina

Majina ya watu hukaa mahali patatu, na kila pahali pana hatima yake. Yaliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google au ya iCloud yapo salama, ingia contacts.google.com au icloud.com ukiwa na laini mpya ya kupokea namba ya uthibitisho, utayaona yote. Ikiwa mwizi aliyafuta wakati simu iko wazi, Google hukuruhusu kuirudisha orodha ilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Yaliyohifadhiwa kwenye kadi ya laini yamekwenda na kadi, kwani kadi mpya huja tupu. Yaliyohifadhiwa kwenye kifaa pekee nayo yamekwenda, isipokuwa kama simu ilikuwa ikifanya nakala.

Binamu yangu alikuta majina 640 kwenye Google, na akapoteza kama 90 ya zamani yaliyokuwa kwenye kadi, wengi wao wauzaji wa jumla. Sehemu kubwa aliipata kwa njia mbili ambazo watu huzisahau. Ile taarifa ya miamala, alipoiomba ya miezi mitatu, ilikuwa na majina na namba za waliomtumia na aliowalipa. Na makundi ya WhatsApp huonyesha namba za wanachama wote mara unaporudi.

Kurudi kwenyewe WhatsApp ni kwa kuweka namba yako kwenye simu mpya na kuingiza namba ya uthibitisho yenye tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe. Wakati huohuo mwizi hutolewa nje. Lakini ikiwa mwizi aliwahi kuweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, kama alivyofanya kwenye laini ya Tanga, utaombwa namba usiyoijua na itabidi usubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuingia bila hiyo. Usihangaike kutafuta fundi wa kuivunja; katika siku hizo yeye pia hawezi kuitumia. Mara uingiapo, weka ya kwako.

Kifaa chenyewe, na cha kukichukulia nafasi

Ukiwa na RB na IMEI unaweza kuomba kampuni ya simu ikifungie kifaa kwenye rejesta kuu ya namba za vifaa, iliyoanzishwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kuanza kuzima simu bandia Juni 2016. Kifaa kilichofungiwa hakipati mtandao wa simu nchini, ila kinaweza kutumia mtandao wa bila waya, kuvushwa mpaka, au kuvunjwa kuwa vipuri. Zungumza na mpelelezi wako kwanza, kwa kuwa simu iliyozimwa haiwezi tena kufuatiliwa kwa laini zinazowekwa ndani yake. Nukta ikionekana kwenye ramani, mpelekee mpelelezi. Usiifuate mwenyewe uchochoroni.

Unaponunua nyingine, na hasa iliyokwisha kutumika, piga *#06# kabla ya kutoa pesa na ulinganishe IMEI na za boksi, kisha uitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama jina la kampuni na aina ya simu vinafanana na unachokishika. Mwambie muuzaji aifute simu mbele yako na kuiwasha upya. Ikidai akaunti ya mtu mwingine baada ya kufutwa, huenda ni ya mtu aliyesimama kituoni kama binamu yangu.

Ukishaingiza kadi mpya, kabla ya kuendelea na maisha, nenda kwenye mipangilio ya usalama ya simu uwashe kufuli la kadi ya laini, ili kadi ikihamishiwa simu nyingine idai namba ya siri. Namba ya kuanzia hutofautiana kwa kampuni, kwa hiyo muulize mhudumu ukiwa dukani, maana ukikosea mara tatu kadi hujifunga na kudai namba ya PUK yenye tarakimu nane iliyochapishwa kwenye kijikadi kilichokuja nayo. Zima pia maandishi ya ujumbe yasionekane kwenye kioo kilichofungwa. Binamu yangu alifanya yote mawili palepale kaunta, akakiweka kijikadi cha PUK ndani ya daftari la madeni ya vitenge, halafu akamwomba kaka yake asubiri kidogo kabla ya basi la Tanga, ili aulize namna ya kuiandikisha ile laini ya pili kwa jina lake mwenyewe.